Mifupa ya kuku na ya ng'ombe sufuria moja: mchuzi umekuwa wa kijivu na haugandi, nimekosea wapi?

#1 Kisu Butu

Habari wakuu. Moja kwa moja kwenye mada.

Juzi nilitaka kutengeneza mchuzi wa mifupa wa kuweka akiba kwenye friji, ule unaochota kidogo kidogo kupikia vyakula vingine. Nilikuwa na mifupa ya kuku kilo moja na nusu (migongo na shingo) na mifupa ya ng'ombe kilo 2, ile mirefu iliyokatwa vipande na uboho ndani yake. Nikatia vyote kwenye sufuria moja kubwa pamoja na lita 9 za maji, vitunguu, karoti na chumvi kidogo. Nikaweka jikoni saa 2 asubuhi, nikaepua saa 10. Mfuniko juu muda wote. Povu niliengua mara moja tu pale mwanzo.

Nilichopata: mchuzi wa kijivu, mzito kwa macho lakini mwepesi mdomoni. Chini kuna unga unga kama chokaa. Mifupa ya kuku ukiibana kwa vidole inavunjika kama biskuti. Nimelaza kwenye friji usiku kucha, juu kuna mafuta unene wa kidole, chini yake ni maji matupu. Hakuna dalili ya kuganda.

Swali langu: kuku achemshwe muda gani na ng'ombe muda gani? Na je, tatizo ni muda, au ni hiyo habari ya povu na kuchuja?

#2 Ukoko

Nimekaa mbele kabisa, hili limenisumbua sana.

#3 Mfuniko Wazi

Mkuu masaa 10 kwa kuku ni mengi mno, ndiyo maana mifupa imekuwa biskuti. Kuku masaa 3 yanamtosha.

#4 Kisu Butu

@Mfuniko Wazi sikusema masaa 10, nimesema niliepua saa 10 jioni. Kutoka saa 2 asubuhi hapo ni masaa 8.

#5 Mfuniko Wazi

Nimekuelewa sasa, samahani. Ila hata 8 kwa kuku ni mengi.

#6 Bibi Upawa

Mleta uzi umeuliza maswali mawili ukadhani ni moja. Mimi nimesimama kwenye majiko makubwa miaka mingi, kazi yangu ya asubuhi ilikuwa mchuzi wa mifupa kabla ya kitu kingine chochote. Ngoja nianze na muda.

Kinachofanya mchuzi ugande si mfupa wenyewe. Ni kile kinachoushika mfupa: gegedu, kano, ngozi, na ile nyama ngumu ya kwenye maungio. Humo ndimo ilimo kolajeni, na kolajeni ikikaa kwenye maji ya moto kwa muda inalegea na kuwa jelatini. Kuku mifupa yake ni myembamba, maungio madogo, na mara nyingi amechinjwa akiwa mchanga, kwa hiyo kolajeni yake inaachia upesi. Masaa 3 hadi 4 unakuwa umepata karibu kila kilichomo. Ukimwacha zaidi ya hapo, hakuongezei nguvu, anakuongezea ule unga wa mfupa ulioona chini ya sufuria, na ile harufu nzuri ya kuku inakwenda na mvuke.

Ng'ombe ni mnyama mkubwa aliyeishi miaka. Kolajeni yake imekaza. Masaa 4 kwake ni kama ndiyo kwanza ameamka. Mimi nampa masaa 8 hadi 10, wengine wanafika 12.

Sasa wewe umewatia sufuria moja. Kwa masaa 8 kuku umempitiliza na ng'ombe ndiyo kwanza anafika. Kama ni lazima wawe pamoja, ng'ombe anatangulia, kuku anaingia yakiwa yamebaki masaa 3 na nusu.

Lakini hilo halielezi kwa nini hakikuganda. Hapo naangalia vitu viwili: mifupa uliyochagua na maji uliyotia. Mfupa wa uboho unatoa mafuta na ladha, ndiyo maana umepata mafuta unene wa kidole. Jelatini yake ni kidogo. Ulihitaji goti, au kongoro, au kifundo chenye gegedu nyeupe inayoonekana kwa macho. Na lita 9 kwa kilo tatu na nusu za mifupa ni maji mengi. Maji yafunike mifupa na kuzidi kidogo tu, vidole viwili vitatu. Kwa mifupa yako lita 6 au 7 zingetosha.

Ya povu nitarudi, nina kitu jikoni.

#7 Siki Kwanza

Bibi Upawa ameeleza vizuri lakini amesahau siki. Vijiko 2 vya siki mwanzoni, acha mifupa ilowe nusu saa kabla ya kuwasha moto. Siki inavuta madini yote kutoka kwenye mfupa. Bila siki unachemsha maji tu.

#8 Jiko Dogo

Wakuu naomba kuuliza, huu mchuzi unasaidia maumivu ya goti? Mama yangu goti linamsumbua na nimeona mmetaja goti hapo juu.

#9 Mfuniko Wazi

@Jiko Dogo goti linalotajwa ni la ng'ombe la kutia sufuriani, mkuu. Goti la mama mpeleke kwa daktari akaangaliwe.

#10 Jiko Dogo

Sawa, asante. Nitabaki kusoma.

#11 Chujio Tatu

@Siki Kwanza, nimeshajaribu mara kadhaa kwa siki na bila siki. Siki kidogo inalegeza kolajeni kidogo, hilo nakubali. Lakini kwamba inavuta madini YOTE, hapana. Vijiko 2 ndani ya lita kadhaa za maji asidi yake ni hafifu sana. Mfupa wa ng'ombe unatoka ukiwa mgumu vilevile, utoboe uone. Kama madini yangekuwa yametoka ungeweza kuukunja.

#12 Siki Kwanza

Wa kuku unakunjika.

#13 Chujio Tatu

Wa kuku unavunjika kama alivyosema mleta uzi, na yeye hakutia siki hata tone. Kukunjika na kuvunjika ni mambo mawili. Mfupa ukitolewa madini unabaki laini kama mpira. Ukitolewa kolajeni unabaki mkavu, unasagika. Wa kwake umesagika, maana yake kilichotoka ni kolajeni.

#14 Ukoko

Hapo nimejifunza kitu ambacho sikukijua.

#15 Masaa Ishirini

Nyote mnaogopa muda. Mimi naweka usiku naepua kesho yake usiku, kuku na ng'ombe bila ubaguzi, na mchuzi wangu una nguvu. Kadiri unavyochemsha ndivyo unavyotoa zaidi. Kama cha Kisu Butu hakikuganda ni kwa sababu masaa 8 hayakutosha. Aongeze.

#16 Bibi Upawa

@Masaa Ishirini mwanangu, nusu ya maneno yako ni kweli. Kwa mfupa mkubwa wa ng'ombe muda unatoa zaidi. Lakini jelatini ikishatoka haikai imesimama ikikusubiri. Moto unaendelea kuikatakata vipande vidogo, na ikishakatika haishikani tena vizuri ikipoa. Kwa hiyo kuna saa ambayo unachotoa kwenye mfupa ni kidogo kuliko unachoharibu ndani ya maji. Kwa kuku saa hiyo inafika mapema sana.

Nakuuliza: wako ukipoa unaganda kiasi cha kukatika kwa kisu, au unatikisika tu?

#17 Masaa Ishirini

Unatikisika. Ila ladha ipo.

#18 Bibi Upawa

Ladha siikatai. Basi jaribu siku moja kuku huyohuyo kwa masaa 4, maji yaleyale, uweke pembeni uonje vyote viwili. Usiniamini mimi, amini ulimi wako.

Sasa povu. Kisu Butu, umesema ulitia maji. Yalikuwa ya baridi au ya moto?

#19 Kisu Butu

Ya moto. Nilichemsha kwenye birika kwanza ili kuokoa muda. Na moto nilikuwa nimeweka mkubwa kiasi, nilisikia mfuniko ukigongagonga.

#20 Bibi Upawa

Ndiyo hapo mchuzi wako ulipochafuka, kabla hata saa ya kwanza haijaisha.

Kwenye nyama na damu iliyobaki kwenye mfupa kuna protini zinazoyeyuka kwenye maji ya baridi. Ukianza na maji ya baridi na moto wa wastani, zinatoka taratibu, joto likipanda zinashikana makundi makubwa na kuelea juu. Hilo ndilo povu unaloengua. Ukimwaga maji ya moto zinaganda palepale, chembe ndogondogo zisizo na nguvu ya kupanda. Zinabaki zinazunguka ndani ya mchuzi na hakuna upawa wa kuzikamata.

Halafu ukaweka moto mkubwa na mfuniko. Maji yanapochemka kwa fujo yanayapiga mafuta mpaka yanachanganyika na mchuzi, kama unavyopiga mafuta ya saladi na siki. Ndiyo maana uliona mzito kwa macho lakini mdomoni mwepesi. Uzito ule ulikuwa mafuta yaliyopigwapigwa na chembe za protini.

Namna ya kuengua: maji ya baridi, moto wa kati, usiondoke. Povu la kwanza ni la kijivu lenye rangi ya kahawia, zito, linajikunja kama sabuni ya kufulia. Litoe lote. Halafu sufuria isogeze kidogo isikae katikati ya moto, upande mmoja ndio upate moto. Mapovu yatapanda upande huo na kusukuma uchafu upande wa pili, unakusanyika mahali pamoja. Unateleza na upawa juu juu, usizamishe. Kila ukitoa, chovya upawa kwenye bakuli la maji ya baridi pembeni ili usirudishe ulichokitoa. Baada ya dakika 30 au 40 povu linakuwa jeupe, jepesi, la vipovu vidogo. Hapo umemaliza kazi kubwa, baadaye unapita mara moja moja tu.

Na usikoroge. Kuanzia hapo mpaka mwisho, usikoroge.

#21 Dada Chumvi

Povu ni uchafu na sumu ya mnyama jamani, hilo tulifundishwa tangu utotoni. Kama ukiacha linarudi mwilini.

#22 Chujio Tatu

@Dada Chumvi si sumu. Ni protini ileile ya kwenye nyama, imeganda tu, kama yai linavyoganda. Ukikaanga nyama unaila bila kuiona. Tunaitoa kwa sababu inachafua rangi na inaacha ladha kidogo ya uchungu, na vipande vyake vikivunjika ndivyo vinavyoleta ukungu. Aliyeiacha hadhuriki.

#23 Dada Chumvi

Sawa, lakini mimi nitaendelea kuitoa.

#24 Chujio Tatu

Itoe dada, tena yote. Tumetofautiana kwenye sababu tu.

#25 Mkono Mzito

Mimi nina njia ya mkato kwa mifupa ya ng'ombe. Natia maji ya baridi, nachemsha mpaka povu chafu litoke lote, dakika 10 hivi, namwaga maji yote. Nasuuza kila mfupa chini ya bomba, nasugua vile vipande vya damu vilivyoganda, naosha na sufuria. Halafu naanza upya na maji ya baridi. Ukifanya hivyo kuengua kunakuwa kazi ya dakika 5.

Kwa kuku sifanyi, naona kama namwaga ladha.

#26 Bibi Upawa

Hiyo si njia ya mkato, ni njia sahihi, hasa kama mfupa una damu nyingi au umetoka kwenye barafu.

#27 Mfuniko Wazi

Naongeza la mfuniko, kwa kuwa ndilo jina langu. Ukifunika kabisa, joto linapanda hata kama moto ni mdogo, ukigeuka maji yanachemka kwa fujo. Acha wazi, au egesha mfuniko kwa mwiko ubaki na mwanya. Unachotaka kuona ni povu moja linapanda, linapasuka, halafu jingine mahali pengine. Juu ya maji patulie kiasi cha kuona mifupa. Mwenye kipimajoto ni kama nyuzi 85 hadi 95.

#28 Haraka Haraka

Hivi hakuna anayetumia sufuria ya presha humu? Kuku dakika 50, ng'ombe masaa 2 na nusu, kazi imeisha. Na unatoka mweupe wazi kuliko wa masaa 8.

#29 Masaa Ishirini

Presha ndani ni kuchemka kwa nguvu, utatokaje wazi? Bibi amesema kuchemka kunachafua.

#30 Haraka Haraka

Ndani ya presha maji hayachemki kwa fujo kama unavyodhani. Joto liko juu, kama nyuzi 120, lakini mgandamizo unazuia mapovu. Maji yametulia. Kinachochafua ni ukifungua mvuke kwa ghafla: mgandamizo unashuka na sufuria nzima inachemka kwa kishindo. Mimi nazima moto naondoka, inashuka yenyewe nusu saa au zaidi. Siku niliyokuwa na haraka nikafungua mvuke, nikapata maziwa.

Ila povu lazima ulitoe kabla ya kufunga, hapo hakuna njia ya mkato.

#31 Bibi Upawa

@Haraka Haraka mimi presha sijaizoea kwa mchuzi, siwezi kukupinga. Ulichosema kuhusu kufungua mvuke kinaingia akilini.

#32 Kisu Butu

Wakuu nashukuru sana. Na kuchuja je? Mimi nilimwaga sufuria nzima kwenye chujio, kisha nikakandamiza mifupa na mboga kwa mwiko mpaka tone la mwisho. Sikutaka kupoteza kitu.

#33 Chujio Tatu

Hilo ndilo eneo langu. Ulipomwaga sufuria nzima, kila kilichotulia chini kimeinuka. Ulipokandamiza, umesukuma unga wa mfupa na karoti iliyolainika kupita kwenye matundu. Hata kama mwanzo wote ungekuwa sahihi, hapo ungeuchafua tena.

Mimi nafanya hivi. Nazima moto, nauacha utulie kama robo saa. Vipande vikubwa navitoa kwa koleo, taratibu, bila kuvidondosha tena. Halafu simwagi, nachota kwa upawa kutoka juu na kupitisha kwenye chujio la kawaida. Nikikaribia chini, ile sentimeta moja au mbili ya mwisho yenye mashapo naiacha. Inauma kidogo lakini naiacha, au naitia kwenye mchuzi mzito ambao hauhitaji kuwa wazi.

Mara ya pili napitisha kwenye chujio lenye matundu madogo lililotandikwa kitambaa cheupe cha pamba. Kitambaa kilowanishe na ukikamue kwanza, kikiwa kikavu kinakunywa mchuzi na kinaachia nyuzi. Na kisiwe na harufu ya sabuni, maana mchuzi wa moto utaibeba yote. Uache mchuzi upite wenyewe. Ukiona umegoma kupita, kitambaa kimeziba: badilisha sehemu, usikamue.

Mafuta usihangaike nayo ukiwa wa moto. Yakilala kwenye friji yanaganda juu, unayatoa kama kifuniko.

#34 Mkono Mzito

Halafu kupoza! Watu wengi wanaharibikiwa hapo. Sufuria ya lita 6 ukiiacha mezani usiku, asubuhi katikati bado ni vuguvugu, na vuguvugu ndiyo bakteria wanayoipenda. Ukiitia friji ikiwa ya moto unapasha joto kila kilichomo. Mimi nagawa kwenye vyombo vifupi, navizamisha nusu kwenye karai la maji baridi na barafu, nakoroga mara kwa mara (hapa ndipo pa kukoroga). Kanuni niliyofundishwa ni kwamba ushuke hadi nyuzi 21 ndani ya masaa 2, na hadi 5 ndani ya masaa 4 yanayofuata. Kwenye friji siku 3 au 4, zaidi ya hapo gandisha.

#35 Dada Chumvi

Na chumvi? Mleta uzi alitia mwanzoni.

#36 Bibi Upawa

Usitie. Mchuzi wa akiba utaupunguza baadaye, na maji yakipungua chumvi haipungui. Utajikuta na kitu kisichoingia mdomoni. Mboga nazo zisianze na mifupa, tia saa moja kabla ya kuepua. Karoti iliyochemka masaa 8 haina la kutoa, inakuwa uji unaoziba chujio lako.

#37 Kisu Butu

Wakuu narudi na majibu, ni wiki sasa.

Safari hii sufuria mbili.

Kuku: migongo na shingo kilo moja na nusu, nikaongeza miguu 6. Lita 3 za maji ya baridi. Nimeengua kwa dakika 35 nikiwa nimesimama hapohapo, sufuria nimeisogeza upande kama Bibi alivyosema, na kweli povu lilijikusanya upande mmoja kama limeitwa. Masaa 4 kamili. Nimechota kwa upawa, nimechuja mara mbili. Nimepata kama lita 2. Asubuhi nimegeuza chombo juu chini, haukudondoka. Rangi ya dhahabu, naona mpaka kitako cha bakuli.

Ng'ombe: kilo 2, nusu mifupa ya uboho na nusu goti lililokatwa vipande vinne. Nimechemsha dakika 10, nikamwaga, nikasuuza. Lita 4 na nusu za maji mapya ya baridi. Masaa 9. Nimepata wazi na wenye harufu nzuri sana. Lakini umeganda kwa ulegevu, ukiinamisha bakuli unatembea. Nilitegemea ushike kuliko wa kuku. Kwa nini?

#38 Ukoko

Hongera kwa kuku! Nami nimejaribu wa kuku kwa masaa 3 na nusu, umeshika.

#39 Mkono Mzito

Goti moja kwa kilo 2 ni dogo. Tia kongoro, hata nusu yake tu. Miguu ya kuku ndiyo iliyokubeba kwenye sufuria ile nyingine.

#40 Masaa Ishirini

Masaa 9 hayatoshi goti. Hili la ng'ombe nalisema kwa uhakika. Toa kipande cha goti, chana gegedu. Kama bado ni jeupe na gumu, lilikuwa na cha kutoa bado.

#41 Kisu Butu

@Masaa Ishirini bahati nzuri sikuvitupa. Gegedu la pembeni limelainika, ukilibonyeza linapita. La katikati ya kipande kikubwa bado linarudi kama mpira.

#42 Masaa Ishirini

Umeona.

#43 Bibi Upawa

Hapo nakubaliana na Masaa Ishirini, na nakushauri goti likatwe vipande vidogo zaidi. Vinne ni vikubwa. Lakini Kisu Butu, uliongeza maji njiani?

#44 Kisu Butu

Ndiyo, mara tatu, mifupa ilipoanza kuchungulia. Sikupima. Na niseme ukweli, kuna saa nilitoka, niliporudi nilikuta unachemka kwa nguvu. Sijui ni dakika ngapi.

#45 Chujio Tatu

Basi sababu ni nne sasa: goti dogo, vipande vikubwa, maji ya kuongeza, na huo moto uliokatakata jelatini. Chukua vikombe 2 vya huo mchuzi, upunguze kwa moto mdogo mpaka kikombe 1, tia kijiko kwenye sahani ya baridi. Ukishika, tatizo lilikuwa maji.

#46 Haraka Haraka

Hapana mkuu, hilo halithibitishi. Ukipunguza nusu, jelatini inakuwa maradufu hata kama mwanzo ilikuwa haba. Utashika iwe maji yalizidi au goti lilikuwa dogo. Kitakachoonekana ni kama bado ina uwezo wa kushikana tu.

#47 Chujio Tatu

Kweli. Basi usiposhika hata ukipunguzwa nusu, hapo moto ndio unaoshukiwa. Ukishika, tunabaki na zile tatu.

#48 Siki Kwanza

Na hakutia siki.

#49 Mfuniko Wazi

@Siki Kwanza haya, nne.

#50 Dada Chumvi

Maji ya kuongeza yawe ya moto au ya baridi? Mimi naongeza ya baridi, naona mafuta yanashtuka na kupanda juu, naengua kirahisi.

#51 Bibi Upawa

Kwenye nusu saa ya kwanza ya kuengua, kikombe cha baridi kinasaidia kweli. Baadaye mimi natia ya moto, sitaki joto lishuke halafu mtu aongeze gesi kulifukuzia mpaka lipitilize.

#52 Mkono Mzito

Mimi ya baridi mwanzo mpaka mwisho na sijaona tofauti.

#53 Kisu Butu

Nimepunguza vikombe 2 mpaka 1 kama nilivyoambiwa. Kijiko kwenye sahani ya baridi, dakika 5: umeshika, ukiusukuma kwa kidole unajikunja ngozi juu. Kwa hiyo moto haukuua kila kitu.

Jumamosi narudia na kongoro nusu, goti vipande 8, na maji nitapima kila nikiongeza. Vile vipande vya goti vya zamani bado ninavyo kwenye friza. Naweza kuvirudisha sufuriani pamoja na vipya, au vimeshakwisha?

#54 Masaa Ishirini

Rudisha. Gegedu la katikati bado ni mpira, umesema mwenyewe.

#55 Bibi Upawa

Rudisha, lakini usivihesabu kwenye uzito unapopima maji.